Ukurasa wa Kwanza wa Maelezo ya Sihaba

Sihaba aliingia ofisini kwangu bila hodi, akasimama katikati ya chumba, akaniuliza swali moja tu.

"Dada Mwanaheri, mliichoma au hamkuichoma?"

Nilijua anauliza nini. Si wengi wanaokuja kuniuliza habari za kuchoma. Mimi ndiye mtunza masjala wa kiwanda cha kubangua korosho kilicho nje kidogo ya Kibiti, na kila aliyewahi kubangua, kumenya au kuchambua korosho pale ana faili lake kwangu. Watu wanadhani hiyo ni kazi ya mtu mmbea, kukaa siku nzima na siri za wenzake. Wangejua ninavyozichukia hizo siri wangenipikia pilau.

"Imechomwa," nikamjibu. "Si nilikuonyesha hati? Ukaisoma mwenyewe, ukacheka."

"Basi mume wangu anasoma majivu."

Nikamvutia kiti. Hakukaa. Alikuwa amevaa kanga zisizolingana, na yeye si mtu wa kutoka hivyo. Akaniambia Swalehe, mumewe, ana karatasi yenye nembo ya kiwanda na jina lake Sihaba, na kwamba tangu juzi amemrudisha kwa mama yake na sanduku la nguo.

"Ulinambia ya watu wawili," akasema. "Ulinambia ya miaka mitano. Mie nikaenda kuolewa nikijua nahesabu miaka, ikiisha nimepona. Haya, nambie sasa."

Nilihisi uso unaniwaka moto kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Miaka hiyo Sihaba alikuwa msichana wa kuchambua madaraja ya korosho, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Msimamizi wake wa zamu alikuwa Abdulswamadu, mtu mzima mwenye kilemba na sauti ya upole, anayependwa na kila mtu. Siku moja alimwambia Sihaba kuna simu ya mama yake imepigwa stoo, mama anaumwa, akaipokee haraka. Sihaba akaingia. Abdulswamadu akafunga mlango kwa ndani. Kilichofuata sitakieleza zaidi ya pale alipokieleza mwenyewe: alimrarua blauzi, akamziba mdomo, na Sihaba akampiga na beleshi la kupakulia korosho mpaka mwenzake Mwantumu, Mungu amrehemu, akasikia na kuja kugonga mlango kwa teke.

Alishtaki. Hilo peke yake lilihitaji moyo ambao wengi wetu hatuna. Meneja wa wafanyakazi wa wakati ule alimhoji na kuandika maelezo yake kwa mkono, swali na jibu, kurasa tatu. Kamati ya nidhamu ikakaa, mimi nikiwa katibu. Tukasikiliza pande zote, tukamsikiliza na Mwantumu. Uamuzi niliuchapa mimi mwenyewe: malalamiko yamethibitika, mlalamikaji alisema kweli, mlalamikiwa ana hatia. Niliandika "mlalamikaji" na "mlalamikiwa" kila mahali, bila jina hata moja, kwa sababu ndivyo mwongozo unavyotaka kwenye mashauri ya aina ile. Jina lisiandikwe pale ambapo halina lazima. Niliona ninamlinda.

Adhabu ya Abdulswamadu ilikuwa onyo la mwisho la maandishi na kuhamishiwa ghalani. Nilipinga. Nikaambiwa ni kosa lake la kwanza na mchango wake kiwandani ni mkubwa. Kwa utaratibu wetu, onyo likimaliza muda wake bila kosa jingine linatolewa kwenye faili la mfanyakazi na kuharibiwa, lisije likamfuata mtu maisha yake yote. Utaratibu mzuri. Umewaokoa vijana wengi waliokosea mara moja, wakachelewa kazini au wakajibu vibaya. Miezi sita ilipopita nilifungua faili la Abdulswamadu, nikalitoa onyo, nikalichanachana mbele ya shahidi, nikatia sahihi. Faili lake likabaki jeupe.

Sihaba yeye aliacha kazi. Siku ya mwisho alikuja kunisainia vifaa, akauliza karatasi zake zitakwenda wapi. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila anayeuliza. Faili la malalamiko linakaa kwenye kabati la chuma, mbali na mafaili ya kawaida. Wanaoweza kulifungua ni wawili tu, mimi na meneja wa wafanyakazi, na kila anayelifungua anaandika jina na sababu. Wewe mwenyewe una haki ya kuona taarifa zako ukiomba. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za mfanyakazi miaka mitano baada ya kuacha kazi, kwa hiyo tunaanza kuhesabu leo, siku unayoondoka, si siku ile ya tukio. Ikiisha, na kama hakuna kesi wala dai lolote linaloendelea, zinateketezwa.

"Zinateketezwa kweli?"

"Kweli."

Nilimpa nakala ya uamuzi, ni haki yake. Akaisoma, akanirudishia.

"Nitaiweka wapi, dada? Kwetu chumba kimoja, tumo sita. Mama hajui kusoma lakini kaka zangu wanajua. Kaa nayo wewe. Kwako ndiko salama."

Miaka mitano ilipotimia, nilichambua kabati lote. Nilipitia faili moja moja nikihakikisha hakuna aliye mahakamani, hakuna dai la fidia ya ajali, hakuna mafao yanayosubiri. Yaliyobaki nikayapeleka kwa kamati yakapitishwa. Kiwanda hakina mashine ya kukatia karatasi. Niliomba, nikajibiwa boila ipo. Ni kweli, tanuri la boila yetu linakula maganda ya korosho usiku na mchana, karatasi haiwezi kutoka mle. Ila anayetunza mafaili haruhusiwi kuwa ndiye anayeyateketeza. Hiyo ni kanuni ya busara, asije akaficha analolitaka au kuchoma asilolipenda. Kwa hiyo nilifunga maboksi kwa utepe, nikayakabidhi kwa Nurdini, meneja wa wafanyakazi wa sasa, ambaye alitakiwa kusimama mbele ya tanuri mpaka karatasi ya mwisho iishe. Shahidi wake alikuwa Mzee Mshamu, mkuu wa walinzi. Jioni wakaniletea hati ya uteketezaji yenye sahihi mbili. Nikaiweka mahali pake. Sihaba alipopita Kibiti kununua vitu vya mtoto wa dada yake, nikamwonyesha.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na kanga zisizolingana, na hati ya uteketezaji bado imo mahali pake, sahihi mbili, muhuri mmoja.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Usiende popote."

Nilimkuta Mzee Mshamu kwenye kibanda cha lango, anachonga mpini wa jembe. Ni mtu mzima, ana umri wa baba yangu, na ndiye anayetunza msikiti wa mtaani kwetu. Nikamwamkia kwa sababu nimelelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Zile karatasi za boila. Zote ziliingia motoni?"

Akaacha kuchonga. Sikuona hatia usoni mwake, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Za kuingia ziliingia," akasema.

"Na zisizoingia?"

"Mwanangu, mle mlikuwa na majina ya Mungu na ya Mtume. Kuna Abdurahmani mle, kuna Abdulswamadu, kuna Muhamadi kila pembe. Swamadu ni jina la nani? Nilitupe kwenye maganda ya korosho mie, kwa mkono huu ninaotawadhia?"

Nikashika nguzo ya kibanda. Akaendelea kunieleza kwa utulivu kabisa, kama anayemfundisha mtoto. Alikaa mbele ya tanuri na maboksi, akapitisha macho karatasi moja moja. Yenye jina tukufu aliiweka pembeni, isiyo nalo aliisukumia ndani. Hakusoma habari za watu, aliapa, alitafuta majina tu. Zilizobaki akazitia kwenye gunia safi pamoja na kurasa za misahafu na majuzuu yaliyochakaa ya madrasa, ambayo kila mwaka hupelekwa Nyamisati na kuzamishwa kwenye maji marefu, kwa heshima, na mawe ndani yake. Ndivyo ifanywavyo tangu babu yake. Safari hii alimpa gunia Swalehe, kwa kuwa boti yake hupita mlangoni mwa bahari ikienda Kiongoroni, na kwa kuwa Swalehe ni kijana mcha Mungu.

"Na meneja Nurdini alikuwa wapi wakati unachagua?"

"Alikuja akaona moto unawaka, akasema joto, akarudi zake ofisini. Nilipomaliza nikampelekea, tukatia sahihi."

"Mzee, ulitia sahihi kwamba zote zimeteketea."

"Si zimekwenda kuteketea majini? Maji na moto kwa karatasi si mamoja?"

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima, na walinzi wawili walitoka kutazama. Nilimwambia ameharibu nyumba ya mtu. Akaniuliza nyumba ya nani, nikanyamaza, kwa sababu hata yeye hakuwa na ruhusa ya kujua. Akabaki kunitazama na mpini mkononi, hajui kosa lake, na mimi ndiye niliyefungwa mdomo nisimwambie.

Nikarudi ofisini kwangu. Sihaba bado alikuwa amesimama. Nikamuuliza kwenye ile karatasi ya Swalehe kuna nini, neno kwa neno. Akanisomea kwa kichwa, maana Swalehe alimsomea mara nyingi. Juu jina lake na la kiwanda. Halafu swali: Unamlalamikia nani? Jibu: Msimamizi Abdulswamadu. Halafu: Ulikuwa na mazoea naye kabla? Jibu: Alikuwa akinitania kama wengine, na mimi nikimtania. Halafu swali la mwisho, chini kabisa ya ukurasa: Uliingia stoo mwenyewe au ulilazimishwa? Jibu: Niliingia mwenyewe, kwa sababu

"Hapo ndipo inapoishia," Sihaba akasema.

Nilikuwepo kwenye kamati. Nilizisoma kurasa zile tatu mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ukurasa wa pili ulianza na maneno "aliniambia mama anaumwa na simu iko stoo," na kuanzia pale mpaka mwisho meneja aliandika "yeye" na "huyo bwana," hakurudia jina. Ukurasa wa pili ulikwenda motoni. Wa tatu, wenye mlango na beleshi na kelele, ulikwenda motoni. Ushahidi wa Mwantumu, ambaye alimwita "msimamizi" tu, ulikwenda motoni. Na uamuzi wa kamati, ile karatasi niliyoichapa kwa uangalifu bila jina la mtu, ulikwenda motoni kwa sababu haukuwa na jina la mtu. Jina la aliyemfungia mlango ndilo lililookoa ukurasa mmoja, na ni ukurasa ule ule unaommaliza Sihaba.

"Nipe ile ya uamuzi," Sihaba akasema. "Ile niliyokurudishia. Nimpelekee tu aisome."

"Haipo."

"Nakala yake."

"Nakala nayo ilikuwa humo humo. Sihaba, ndiyo maana ya kuteketeza."

Hapo ndipo alipokaa.

Nilikwenda kwa Nurdini peke yangu. Ni kijana mwenye shahada na viatu vinavyong'aa, na kila jambo kwake lina jibu kabla hujamaliza swali. Nilimtaka afanye mawili. La kwanza, aandike barua ya kiwanda kwamba malalamiko ya Sihaba yalisikilizwa na kuthibitika, kwa kuwa Sihaba mwenyewe ameridhia yasemwe. La pili, atoe taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwamba taarifa za wafanyakazi zimetoka nje, kama sheria inavyomtaka, na atoe bila kuchelewa.

"Barua nitaiandika kwa kutazama nini?" akaniuliza. "Kumbukumbu haipo. Siwezi kuthibitisha kitu ambacho kiwanda hakina."

"Mimi nilikuwa katibu."

"Wewe una kumbukumbu ya kichwani. Hiyo si kumbukumbu ya ofisi. Wewe mwenyewe ndiye unayetufundisha hivyo."

Ni kweli, ndivyo ninavyowafundisha. Kila mwaka nasimama mbele yao na kuwaambia kisichoandikwa hakikufanyika.

"Na Tume?"

"Hakuna kilichotoka. Hati inasema vyote viliteketezwa."

"Hati uliitia sahihi ukiwa mezani kwako."

Akatabasamu. "Una ushahidi, dada Mwanaheri?"

Nilitoka kabla sijamtupia kitu. Meneja wa zamani, yule aliyeandika maelezo kwa mkono, nilimpata kwa simu. Yuko Mtwara sasa. Akasema mambo yamekuwa mengi, hakumbuki vizuri, na asingependa kuingizwa.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Nyamisati. Sihaba alikuwa amenipa ruhusa kwa mdomo wake na kwa maandishi, nikaikunja ruhusa na kuitia kwenye mkoba, maana hata nikiwa na hasira sisahau kazi yangu. Swalehe alikuwa anapakia boriti za mikoko, amelowa mpaka kifuani. Aliponiona akawaachia wenzake, akanawa mikono, akaja kukaa na mimi kwenye rundo la boriti. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali.

"Karibu, shemeji. Najua umetumwa."

"Sikutumwa. Nimekuja kukwambia nilichokisikia kwa masikio yangu."

Nikamwambia yote. Simu ya uongo, mlango, blauzi, Mwantumu, uamuzi. Nilimwambia kwamba jibu la mkewe halikuishia pale, lina kurasa mbili mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho akikwaruza ganda la mti kwa ukucha.

"Nakuamini wewe ni mtu wa heshima," akasema. "Lakini wewe ni mwanamke mwenzake, na ni rafiki yake. Ungekuwa mie ungeshika lipi? Hili lililoandikwa, au hilo linalosemwa?"

"Lililoandikwa limekatwa katikati!"

"Basi lete nusu yake."

"Imeungua."

"Yaani iliyoungua ndiyo yenye kumsafisha, iliyobaki ndiyo yenye kumchafua. Shemeji, ungeletewa maneno haya na mtu mwingine, wewe ungeyakubali?"

Akaniambia hakufanya haraka. Alipanda gari mpaka Ikwiriri alikohamia Abdulswamadu tangu aache kazi kwetu, akamuuliza uso kwa uso kama wanaume. Abdulswamadu hakukasirika. Alimkaribisha kahawa, akampa ruhusa yake iliyoandikwa, akamwambia nenda kiwandani kaombe kuona faili langu, kama kuna doa hata moja nihukumu utakavyo. Swalehe akaja na ruhusa ile kwa Nurdini, na Nurdini akamfungulia.

"Nimeliona kwa macho yangu," Swalehe akasema. "Jeupe. Hakuna onyo, hakuna barua. Mtu anayefanya jambo kama hilo anakosa hata barua moja?"

Nikamweleza onyo lilikuwepo, muda wake ukaisha, nikalitoa. Nikamweleza kwamba ni utaratibu, kwamba unawahusu wote. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikieleza, na kila nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

"Talaka nimeshaandika," akasema. "Moja. Iko kwa baba yake mkubwa." Halafu akageuka kutazama boti. "Si kwamba aliingia stoo, shemeji. Watu hukosea. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, na hakunambia. Nimeyapata kwenye gunia la misahafu, niko katikati ya maji, nataka kuweka mawe bila kuchana kurasa. Nimetawadha kabisa. Ndivyo nilivyokutana na jina la mke wangu."

Alikwenda kwenye boti, akarudi na ukurasa ule. Alikuwa ameufunga kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa. Nilidhani ni kwa ajili ya mkewe, mpaka aliposema kwamba kuna jina tukufu ndani, nisiuweke chini. Karatasi nyingine za gunia alizizamisha bila kusoma. Huu alisema hauhitaji tena, ameshauhifadhi.

Sihaba alinisubiri kwa mama yake, kwenye kibaraza cha nyuma. Nikamweleza kuhusu talaka, kumbe alikuwa ameshaletewa. Alifungua kitambaa, akatazama maandishi ya mtu aliyemhoji zamani, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa mwisho.

"Sasa nipe kiberiti," akasema.

Nilijua atasema hivyo, na njia nzima kutoka Nyamisati nilikuwa naomba asiseme.

"Ni wako ukitaka kuuchoma," nikamwambia. "Nitakutafutia kiberiti mwenyewe. Lakini nisikilize kwanza. Nurdini anasema hakuna kilichotoka. Hati yake inasema kila karatasi iliteketea. Kitu pekee duniani kinachoonyesha kwamba hati ile ni ya uongo ni huo ukurasa. Ukiuchoma, hati yake inakuwa kweli."

"Na nisipouchoma?"

"Unapeleka malalamiko Tume. Wewe ndiye mwenye taarifa, una haki hiyo, na mimi nitakuwa shahidi hata wakinifukuza. Nurdini atalazimika kueleza alikuwa wapi. Huenda kikaandikwa mahali, kwa muhuri wa serikali, kwamba maelezo yako yalikuwa na kurasa tatu. Sikuahidi kwamba Swalehe atarudi. Sikuahidi chochote tena mimi."

Sihaba aliupakata ukurasa mapajani. Mama yake alikuwa anatwanga upande wa pili wa nyumba, na kila alipopumzika Sihaba naye aliinua kichwa, kama anaogopa mama asije akayasikia mawazo yake.

"Wataisoma akina nani?" akauliza.

Nikamtajia. Maofisa wa Tume. Wakili wa kiwanda. Nurdini, kwa kuwa atajibu. Mkurugenzi, kwa kuwa ataambiwa. Abdulswamadu ana haki ya kujua ametajwa, naye akiweka wakili, wakili huyo pia.

"Kwanza walikuwa wawili," akasema.

"Walikuwa wawili."

"Na itakaa mpaka lini?"

Nilitamani kumdanganya. Swali lile nilimjibu siku anaondoka kiwandani kwa raha kabisa, kama mtu anayesoma saa ukutani.

"Kumbukumbu yenye shauri haiguswi mpaka shauri liishe. Wakikata rufaa, mpaka rufaa iishe. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuhesabu upya."

Sihaba aliukunja ukurasa kwenye kitambaa chake, akanikabidhi. Akaniambia nenda kaandike malalamiko, atatia sahihi, lakini asisomewe tena yaliyomo. Akaingia ndani kumsaidia mama yake.

Nilirudi masjala jioni, watu wameshatoka. Nikachukua jalada jipya, nikautia ukurasa ule ndani kama folio namba moja, nikaandika juu jina lake kamili. Chini ya jina kuna nafasi ya tarehe ya kuteketezwa. Nikaiacha wazi, nikafunga kabati.